iPod ya mjomba haikuwa imekufa, ilikuwa na matatizo matatu kwa mpigo

Mjomba wangu alifanya kazi Maskati miaka mingi na mwaka 2006 aliporudi likizo Tanga alikuja na iPod nyeupe, ile ya 30GB yenye kioo cha rangi na gurudumu la kugusa, nyuma bati linalong'aa kama kioo cha kunyolea ndevu. Kipindi hicho nyumba nzima tulikuwa tunaisogelea kama watoto. Lakini kilichonifanya mimi nihangaike nayo mpaka leo sio kifaa chenyewe, ni kilichomo ndani. Mjomba alikaa likizo nzima anaingiza kaseti za familia kwenye kompyuta, waya mmoja kutoka kwenye redio kaseti mpaka tundu la maiki, kaseti za harusi, kaseti za maulidi, kaseti ya bibi anaimba na wenzake jikoni usiku wa kuamkia arusi ya mama mdogo, akazigeuza mp3 na kuziweka humo. Kaseti zenyewe zilikaa kwenye boksi la viatu, zikaota kuvu, tulipokuja kuzifungua utepe umegandana kama kitumbua kilicholala. Kompyuta iliuzwa. Kwahiyo nakala pekee iliyobaki duniani ni ndani ya hiyo iPod, na hiyo iPod ilikuwa haiwaki.

Naandika haya kwa urefu kwa sababu najua kuna watu wengi wana kifaa kama hiki kwenye droo, kimenyamaza, na wanaamini kimekufa. Na mtu wa kwanza utakayempelekea anaweza kukipoteza kilichomo kwa dakika kumi tu bila nia mbaya yoyote. Mimi karibu yanikute. Fundi wa kwanza niliyempelekea alibonyeza mara mbili akasema betri imekufa na mashine imekufa, kama nataka anaweza kuijaribu kwa kuiristo kwenye kompyuta, yaani kufuta kila kitu na kuiandika upya. Nikampigia mjomba simu palepale, shikamoo mjomba, marahaba mwanangu, nikamweleza, akanyamaza kidogo halafu akasema, "Mwanangu, wasifute kitu humo. Irudishe nyumbani kwanza." Nikairudisha.

Kabla hujachomeka kitu chochote kwenye chaja, kiangalie kwanza kwa macho. Hili watu wanaliruka. Betri za litiamu zilizokaa miaka zikiwa tupu zinaweza kuvimba, na iPod hii betri yake imelala bapa nyuma, imegundishwa kwenye lile bati, kwahiyo ikivimba haina pa kwenda isipokuwa kusukuma. Ilaze kwenye meza ya kioo au juu ya kigae, ibonyeze pembeni, kama inacheza kama meza yenye mguu mfupi basi bati limetoka tumbo. Angalia pia ule mstari ambapo plastiki nyeupe inakutana na bati, zunguka nao taratibu pande zote nne, kama upande mmoja umeachia kiasi cha kupitisha ukucha, usichaji kabisa. Peleka ifunguliwe na betri itolewe, na huyo anayeifungua mwambie asiichokonoe betri na bisibisi, betri ya aina hii ikitobolewa inawaka moto kweli. Yangu ilikuwa imelala sawa na mstari umebana, nikashukuru Mungu nikaendelea.

Cha pili ni swichi ya Hold pale juu. Inaonekana jambo la kitoto lakini ndiyo ya kwanza kuangalia kwa sababu haikugharimu kitu. Ukiona rangi ya chungwa kwenye kijitundu chake maana yake vitufe vyote vimefungwa na hata ukibonyeza mpaka asubuhi haitajibu. Isogeze iende, irudi, mara mbili tatu, maana iliyokaa miaka mingi inaweza kuwa imesogea kwa nje lakini ndani haijagusa. Yangu chungwa halikuonekana, nikaisogeza hivyohivyo. Kimya.

Halafu tukaja kwenye kebo, na hapa ndipo nilipopoteza wiki mbili, kwahiyo hapa nitakaa.

iPod hizi zinatumia ile plagi pana ya pini 30, sio ile nyembamba ya iPhone 5 mpaka 14, na ya mjomba ilishapotea zamani. Nikanunua kebo mpya kwenye meza ya barabarani, nikachomeka kwenye kichwa cha chaja ya simu, hamna kitu. Nikachomeka kwenye pawabenki, hamna kitu, na pawabenki yenyewe ikazima taa zake baada ya sekunde chache. Hapo mtu yeyote angesema betri imekufa. Mimi mwenyewe nilisema.

Kilichonistua ni kompyuta. Ukichomeka kifaa chochote cha USB kwenye Windows hata kama kina shida, kwa kawaida inatoa ule mlio wake wa kukipokea, au angalau inalalamika kwamba haikitambui. Mimi nilichomeka na kuchomoa mara nyingi, tundu hili na lile, hata mlio wa malalamiko haukutoka. Sawa, iPod yenye betri tupu kabisa nayo inaweza kukaa kimya hivyo kwa muda, lakini nilisubiri saa nzima na bado kimya. Nikaenda kwa jirani mmoja fundi redio, mzee anayejua kazi yake, akaitazama kebo kwa kuipapasa tu kati ya vidole na kusema hii nyembamba mno. Akachukua mita akaiweka kwenye ule upande wa mlio, akagusa pini za USB moja moja na pini za upande wa pili. Ndani ya USB ya kawaida kuna waya nne, mbili za nje zinabeba umeme wa volti 5 na ardhi, mbili za katikati zinabeba data. Za nje zililia. Za katikati hazikulia hata kidogo, hazikuwemo. Kebo ilikuwa ya kuchajia tu, waya mbili ndani ya ganda la waya nne.

Utasema mimi nataka kuchaji tu, waya za data za nini. Ndio kitu ambacho sikukijua. Vifaa hivi vya zamani vinasikiliza kwenye zile waya za data ili vijue vimechomekwa kwenye kitu gani na vinaruhusiwa kunywa umeme kiasi gani. Kompyuta inavijibu kwamba chukua mpaka miliampi 500. Chaja yake ya asili inavijibu kwa kuweka volti fulani kwenye zile waya. Sasa kebo isiyo na waya za data haijibu kitu, na vichwa vingi vya chaja za simu za siku hizi vinajibu kwa lugha nyingine, basi iPod inachukua tone dogo au inakataa kabisa. Na pawabenki nyingi zikiona kifaa kinakunywa kidogo mno zinadhani simu imeshajaa na zinajizima. Ndio maana ilizima ndani ya sekunde chache, sio kwamba iPod ni mfu.

Kwahiyo kama una kifaa cha namna hii, chaji kwa tundu la kompyuta, chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta na sio kwenye kigawanyio cha matundu, na kompyuta usiiache ilale maana ikilala mara nyingi inakata umeme. Kebo nzuri usihangaike kununua mpya, tafuta kwa mtu aliyekuwa na iPhone 3G, 4 au 4S au iPad za mwanzo, pini ni zilezile 30. Mimi nilipata kwa binti ya shangazi aliyekuwa na 4S, ilikuwa imefungwa kwa gazeti kabatini. Angalizo moja tu, baadhi ya kebo za zamani zaidi zina vibano viwili pembeni ya plagi, lazima uvibonyeze vyote ndio uchomoe, ukivuta kwa nguvu unang'oa tundu zima na hapo kazi inakuwa nyingine.

Nimeweka kebo nzuri. Bado kimya, lakini sasa angalau nilipoitikisa plagi kidogo kompyuta ililia mara moja na kunyamaza. Hiyo ni dalili ya tundu chafu. Nilimulika na tochi ya simu, ndani kuna vumbi la mfukoni limeshindiliwa kwenye kona na baadhi ya pini zimeota ukijani. Sisi huku pwani hewa ya chumvi inakula kila kitu chenye shaba, hata funguo. Nikachukua kijiti cha meno cha mbao, sio pini wala sindano maana betri bado iko ndani na ukigusanisha pini mbili za umeme unaweza kuua bodi, nikalegeza lile vumbi taratibu na kulitoa. Halafu mswaki laini uliochovywa kidogo tu kwenye spiriti ya dukani, nikasugua kufuata mstari wa pini, nikaiacha chini ya feni saa nzima ikauke. Sio maji, na sio mate kama nilivyoona fundi mmoja akifanya.

Nikachomeka tena. Hamna kitu dakika tano, hamna kitu dakika kumi. Hapa ndio subira inatakiwa, kwa sababu betri iliyoshuka sana haichajiwi kwa nguvu mara moja, saketi inailisha kidogo kidogo kwanza mpaka ifike kama volti 3 hivi ndio inafungulia umeme kamili, na kipindi hicho chote kioo hakina hata nguvu ya kukuonyesha chochote. Nusu saa ya giza ni kawaida kabisa. Dakika ya ishirini na kitu, mimi niko jikoni, nikasikia kompyuta imelia. Nilikimbia. Kwenye kioo kuna picha ya betri. Nilimpigia mjomba kabla hata sijakaa.

Furaha ikadumu mpaka jioni. Ilipopata chaji ya kama saa mbili ikatoa nembo ya tufaha, nikaisikia diski ndani inaanza kuzunguka, ule mvumo mwembamba, halafu tik, kioo kikazima. Ikarudia. Tufaha, mvumo, tik, giza. Ikarudia tena.

Sasa hapa wengi ndio wanasema softwea imeganda na kukimbilia kuiristo. Mimi nakwambia simama. iPod hii ndani ina diski ya kweli inayozunguka, ndogo ya inchi 1.8, na kuianzisha kuzunguka kunataka umeme mwingi kwa ghafla kuliko kitu kingine chochote kwenye mashine hiyo. Betri iliyozeeka inaweza kuonyesha imejaa wakati imepumzika lakini ukiiomba umeme wa ghafla inaporomoka, ni kama mzee anayeonekana mzima akiwa amekaa lakini mpe gunia abebe. Ikiporomoka mashine inajizima, betri inapumzika, inapanda tena, mashine inajaribu tena. Kwa nje unaona tufaha linakuja na kuondoka na unadhani ni programu. Na ukianza kuiristo katika hali hiyo, umeme ukikatika katikati ya kuandika diski, umeharibu kilichokuwa kizima.

Namna ya kutofautisha ni kusikiliza na kuangalia inakatika wapi. Kama inakatika palepale kila mara diski inapoanza kuvuma, shuku betri kwanza. Kama diski inavuma vizuri, tufaha linabaki limesimama dakika nyingi na kioo kinaendelea kuwaka, umeme upo na shida iko kwenye programu au kwenye maandishi ya diski. Na kama unasikia tak, tak, tak ya kurudiarudia kwa mpangilio kama saa ya ukutani, hiyo ni diski yenyewe inatafuta na haipati, hapo zima na usiendelee kuiwasha kwa majaribio, kila uwashaji unaweza kuwa wa mwisho.

Yangu ilikatika palepale diski ikianza. Nikarudi kwa yule mzee. Kuifungua aina hii kuna kazi kidogo, unaingiza kipande chembamba cha plastiki kwenye ule mstari wa plastiki na bati, unatembea nacho pembeni ukiachisha vishikizo kimoja kimoja, sio bisibisi ya chuma maana inaacha meno kwenye plastiki. Na ukiachisha usifungue kwa pupa kama kitabu. Nusu mbili zimeunganishwa kwa tepe mbili laini, moja ya betri na moja ya tundu la hedifoni, na kila moja imebanwa na kijikufuli kidogo kuliko punje ya mchele ambacho kinanyanyuliwa kwa ncha ya plastiki ndio tepe inatoka. Mzee alivaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akashusha pumzi, akakinyanyua. Kikivunjika hicho tepe haishiki tena, na sipea yake huku hakuna.

Alifunua kigundishi kidogo juu ya betri pale utepe unapoanzia, akarudisha utepe mahali pake, akaweka mita. Imepumzika ilisoma volti 3.8. Kwa betri ya litiamu hiyo ni kama nusu, inayojaa ni 4.2, kwahiyo mtu angepima hapo tu angesema betri nzima. Akaniambia, "Sasa washa mjukuu wangu, mimi naangalia namba." Nikabonyeza. Tufaha likaja, 3.7, diski ikaanza kuvuma, na ile namba ikaanguka mbele ya macho yetu, 3.4, 3.1, tik, giza. Sekunde kadhaa baadaye imerudi 3.8 kama hakuna kilichotokea. Mzee hakusema kitu, aligeuza tu mita anionyeshe vizuri.

Betri mpya niliagiza kupitia ndugu aliyeko Dar. Kuwa makini na saizi, iPod ya 30GB ni nyembamba na betri yake nyembamba, ile ya 60GB na 80GB ni nene na betri yake ni nene, ukiweka nene kwenye nyembamba bati halifungi na ukilazimisha unaikandamiza betri. Nyuma ya bati imeandikwa ukubwa wake na namba ya modeli, hii ni A1136, tumia hivyo kuagizia. Mzee akaing'oa ya zamani kwa kadi ya plastiki, akiisukuma polepole chini yake bila kuikunja, akaweka mpya. Ya zamani alibandika tepe ya nailoni kwenye ncha zake na kuiweka kwenye kopo la bati nje, hakuitupa jalalani ambapo kuna watu wanachoma taka kila jioni.

Betri mpya, kebo nzuri, tundu safi. Tukawasha. Tufaha likaja, diski ikavuma, haikukatika. Tukasubiri. Tufaha limesimama. Dakika kumi, tufaha limesimama.

Kwahiyo kulikuwa na shida ya programu pia! Ilikuwa imejificha nyuma ya ile ya betri muda wote, na nadhani ndiyo iliyoizaa, kila mara ilipokatika ghafla ikiwa inasoma diski kitu fulani kiliharibika zaidi. Cha kwanza hapo ni kuiriseti, ambayo haifuti kitu chochote, watu wanachanganya kuriseti na kuristo na ni mbingu na ardhi. Unasogeza Hold iende na irudi, halafu unashikilia Menu na kitufe cha katikati kwa pamoja sekunde kama 6 mpaka 8 mpaka kioo kizime na tufaha lije upya. Vidole visiguse gurudumu sehemu nyingine, na ikikataa mara ya kwanza jaribu tena, mimi ilikubali ya tatu. Ikazima, ikaja, ikaganda palepale.

Mzee hakuwa anakijua kinachofuata, hiki nilikijua mimi. Unariseti tena, na mara tu tufaha linapotokea unaachia na kushikilia kitufe cha katikati pamoja na kile cha chini cha kucheza. Ukiwahi, badala ya kuendelea na kuganda inaandika `Disk Mode` kwenye kioo. Hapo mashine imeacha kujaribu kuwa iPod na imekuwa diski ya kawaida tu, kama fleshi. Hii njia haipiti kwenye ile programu iliyoganda, ndio uzuri wake.

Nikachomeka kwenye laptopu. Ikaonekana kama diski E. Kama iPod yako iliwekwa kwa kompyuta ya Mac, Windows itakwambia diski haisomeki na kukuuliza kama uifomati, jibu ni hapana, tafuta Mac. Ya mjomba iliwekwa kwa Windows. Nikafungua, ndani naona mafolda machache matupu, hakuna wimbo hata mmoja, na moyo ulishuka, lakini nyimbo zinakaa kwenye folda lililofichwa linaloitwa `iPod_Control`, ndani yake `Music`, na ndani yake mafolda F00, F01, F02 na kuendelea, faili zimetawanywa na kupewa majina ya herufi nne nne yasiyo na maana. Usiogope hayo majina. Jina la kweli la wimbo limeandikwa ndani ya faili yenyewe, ukiifungua na programu yoyote ya muziki linaonekana.

Sikunakili kwa kuburuta na kipanya, kwa sababu diski yenye kidonda ikifika kwenye faili mbovu Windows inaganda na unaanza upya hujui ulifika wapi. Nilitumia hii:

```
robocopy E:\iPod_Control\Music D:\nakala /E /R:1 /W:1
```

Hizo mbili za mwisho ndizo muhimu. `/R:1` inasema faili ikikataa jaribu tena mara moja tu kisha songa mbele, na `/W:1` inasema subiri sekunde moja tu. Usipoziweka, robocopy kwa kawaida yake inajaribu mara milioni moja na kusubiri sekunde 30 kila mara, yaani itakufia kwenye faili moja huku diski inachoka. Ikimaliza inakuonyesha mwishoni ngapi zimepita na ngapi zimeshindwa. Zilishindwa tatu. Nikaiacha ipoe usiku kucha, asubuhi nikarudia amri ileile, zile zilizokwishapita inaziruka yenyewe, na mbili katika zile tatu zikapita.

Sasa ndio swali la kuristo likarudi, kwa sababu iPod bado imeganda na dawa yake kwa kweli ni hiyo, iTunes kuiandika upya. Lakini `Restore` inafuta diski nzima na kuna faili moja bado imo humo. Sikufanya. Niliagiza adapta ndogo inayokaa mahali pa diski na kubeba memori kadi, mzee akachomoa diski ya zamani, tukaweka adapta na kadi, na hiyo kadi ndiyo iliyoristowa. Ikawaka kwa jaribio la kwanza, nikazirudisha humo zile nyimbo nilizonakili. Na inakunywa umeme kidogo sana maana hakuna kinachozunguka, na ule mvumo haupo tena, nimeuzoea mpaka naukosa. Diski ya zamani nimeifunga kwenye bahasha kavu pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu, mpaka nimpate mtu mwenye vifaa vya kuisoma vizuri.

Mjomba alikuja Ijumaa baada ya swala. Aliweka hedifoni, akazungusha gurudumu kwa kidole gumba kama hajawahi kuliacha, akapita kwenye orodha. Alisimama kwenye ile ya jikoni, bibi na wenzake, imo, inacheza mwanzo mpaka mwisho. Iliyokosekana ni upande B wa maulidi ya nyumbani kwa shangazi. Akaniuliza ni ipi haipo, nikamwambia. Akasema ile shangazi yako alikuwa na kaseti yake mwenyewe, aliirekodi kwa redio yake amekaa upande wa wanawake, hebu mpigie.

Nimempigia. Anasema ipo, imo kwenye sanduku la kanga, hajaigusa siku nyingi. Jumapili naenda, na yule mzee amenipa redio kaseti yake niende nayo, na kaniambia nikifika nisiicheze kwanza, nimulike utepe kuona kama umeota kuvu.